Kompyuta ya kwanta "inajaribu majibu yote kwa mpigo mmoja": naomba tuliweke sawa jambo hili

Mpenda_Maswali

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu aliniuliza kompyuta za kwanta zina ajabu gani. Nikamjibu vile nilivyozoea kusikia, kwamba kompyuta ya kawaida hujaribu majibu moja baada ya jingine, na ile ya kwanta huyajaribu yote kwa mpigo mmoja kisha inakupa lililo sahihi. Akaniuliza, "Sasa inajuaje lililo sahihi ni lipi?" Nikafungua mdomo, sikuwa na la kusema.

Tangu siku hiyo nasoma hapa na pale, na kila mahali nakutana na sentensi ileile imevalishwa maneno mengine. Naomba mwenye kujua anieleze bila kunificha: inajaribu yote au haijaribu? Na kama inajaribu, inachaguaje?

Kasi_Kubwa

Inajaribu yote, hilo halina ubishi. Kubiti, yaani kipande kidogo kabisa cha taarifa ndani ya kompyuta ya kwanta, inabeba 0 na 1 pamoja. Kubiti 3 zinabeba namba 8, na kubiti 300 zinabeba namba nyingi kuliko atomi zote za ulimwengu tunaouona. Ukiipa hesabu, inaifanya kwa namba zote hizo. Kikwazo ni kusoma tu, maana ukipima unapata jibu moja na mengine yanapotea. Siku watu wakipata njia nzuri ya kusoma, mambo yote yatafunguka.

BintiHesabu

Kasi_Kubwa, kaka yangu, nusu ya uliyosema ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowapoteza watu njia. Tuchukue kubiti 3 tu, tuone kwa namba.

Tuna namba 0 hadi 7, jumla nane. Swali liwe hili: ni namba ipi ukiizidisha kwa 3 kisha ukagawanya kwa 8 inabakisha 7? Jibu ni 5, kwa sababu 15 ukigawanya kwa 8 inabakisha 7. Mwenye kujua hesabu za masalio atalipata bila kuhangaika, lakini tujifanye hatuna njia isipokuwa kutafuta.

Unaziweka kubiti katika hali ya mseto, namba zote nane zikiwa na uzito sawa. Unaendesha mara moja saketi ya kuzidisha, yaani mfululizo wa hatua zinazozidisha kwa 3 na kubakiza salio la 8. Sasa ndani ya mashine 0 imefungamana na 0, 1 na 3, 2 na 6, 3 na 1, vivyo hivyo hadi 7 na 5. Hesabu zote nane zimo, na saketi imepita mara moja tu. Waelezaji wengi huishia hapo.

Wewe usiishie hapo. Pima. Utapata jozi moja tu kati ya nane, na uwezekano wa jozi hiyo kuwa ile ya 5 ni moja kati ya nane. Ungeandika namba nane kwenye vikaratasi, ukachomoa kimoja ukiwa umefumba macho, ukazidisha kwa 3 mwenyewe, ungekuwa na bahati ileile kabisa. Hujapata faida hata chembe.

Na hili si tatizo la vifaa ambalo mafundi watalirekebisha kesho. Mwaka 1973 Alexander Holevo alithibitisha kwamba kubiti 3 haziwezi kukupa zaidi ya biti 3 za taarifa, upime kwa ustadi wowote ule. Kwa hiyo "njia nzuri ya kusoma" unayoisubiri imekataliwa na nadharia yenyewe.

Mpenda_Maswali

Dada, hapo umenivunja moyo. Kama ni sawa na kuchomoa karatasi, faida inatoka wapi? Maana faida ipo, la sivyo watu wasingehangaika nazo.

BintiHesabu

Ipo, na inatoka kwenye kitu ambacho ile sentensi ya "kujaribu yote" haikigusi kabisa.

Kila namba ndani ya mashine ina kitu ambacho wanafizikia hukiita amplitudi. Mimi nitakiita kimo, kama kimo cha wimbi. Uwezekano wa kuiona namba fulani ukipima unapatikana kwa kukizidisha kimo chake kwa chenyewe. Mwanzoni kila namba ina kimo cha 0.354, na 0.354 mara 0.354 ni 0.125, yaani moja kati ya nane. Hadi hapo ni bahati nasibu ya kawaida. Tofauti ni kwamba uwezekano hauwezi kuwa hasi, lakini kimo kinaweza. Vimo viwili vikikutana, kimoja chanya na kimoja hasi, vinafutana. Vikiwa vya upande mmoja, vinaongezana. Hakuna kikaratasi chenye tabia hiyo.

Mwaka 1996 Lov Grover alionyesha namna ya kuitumia tabia hii kutafuta. Kila mzunguko una hatua mbili. Ya kwanza, saketi inageuza alama ya kimo cha namba inayotimiza sharti. Kimo cha 5 kinakuwa hasi 0.354, vingine vinabaki vilivyo. Ukipima wakati huu huoni tofauti yoyote, kwa kuwa hasi mara hasi ni chanya na uwezekano unabaki 0.125.

Hatua ya pili, kila kimo kinarushwa upande wa pili wa wastani kwa umbali uleule. Vimo saba ni 0.354 na kimoja ni hasi 0.354, kwa hiyo wastani ni 0.265. Vile saba viko juu ya wastani kwa 0.089 tu, vinashuka hadi 0.177. Kile cha 5 kiko chini ya wastani kwa 0.619, kinaruka hadi 0.884. Kizidishe kwa chenyewe: 0.78. Kwa mzunguko mmoja, uwezekano wa kuiona 5 umetoka asilimia 12.5 hadi asilimia 78.

Rudia hatua zilezile mara ya pili. Kimo cha 5 kinafika 0.972, na uwezekano ni asilimia 94.5. Kwa namba nane, hapa ndipo pa kusimama na kupima.

Sasa nawaomba mtazame kitakachotokea ukishindwa kusimama. Mzunguko wa tatu, uwezekano unaanguka hadi asilimia 33. Wa nne, unabaki asilimia 1.2 tu, chini hata ya kubahatisha. Kama mashine ingekuwa imeyajaribu majibu yote na kulishika lililo sahihi, kwa nini kuendelea kufanya kazi kuipokonye jibu ililokwisha kulipata? Haikuwa imelipata. Ilikuwa inazungusha vimo, na ukizungusha kupita kiasi vinapita kileleni na kuanza kushuka upande wa pili.

Kasi_Kubwa

Nimekuelewa kwenye kusoma, nakubali. Lakini ile hatua ya kugeuza alama imefanyika kwa namba zote nane kwa pamoja, au siyo? Basi bado inajaribu yote. Mimi naona umeongeza tu hatua baada ya kujaribu.

BintiHesabu

Saketi imepita juu ya mseto wote, ndiyo. Hilo sikulikana. Ninalokataa ni neno "kujaribu". Ukijaribu ufunguo kwenye kitasa, unajua umefungua au haujafungua. Hapa hakuna mahali popote ambapo matokeo ya kila jaribio yanajulikana, si kwako wala kwa mashine. Kilichobadilika ni alama ya kimo kimoja, jambo ambalo peke yake halionekani kwa kipimo chochote cha namba hizo.

Kama bado una shaka, tazama idadi ya mizunguko. Kama mashine ingejaribu yote na kuchagua, namba nane au namba milioni moja zingehitaji kazi ileile, mpigo mmoja. Lakini kwa milioni moja mbinu ya Grover inahitaji mizunguko ipatayo 785, mmoja baada ya mwingine. Na si kwamba Grover hakufikiri vya kutosha. Mwaka 1997 Bennett, Bernstein, Brassard na Vazirani walichapisha uthibitisho kwamba kwa utafutaji mtupu, ambao huna dokezo lolote kuhusu jibu lilipo, hakuna kompyuta ya kwanta itakayoshuka chini ya kiwango cha kipeuo cha pili cha idadi ya majibu. Kipeuo cha pili cha milioni ni elfu moja. Unapata msaada mkubwa, lakini uko mbali sana na mpigo mmoja.

Zuhura_K

Samahani, labda swali langu ni la kitoto. Hatua ya kwanza inageuza alama ya 5. Lakini ili uigeuze 5 si lazima ujue kwamba jibu ni 5? Basi unatafuta nini?

BintiHesabu

Zuhura, hilo swali si la kitoto hata kidogo. Wengi wanaliruka, na wakiliruka hawaelewi kinachoendelea.

Kulitambua jibu ukiletewa ni kitu kimoja, kulijua kabla ni kingine. Saketi yetu haina 5 mahali popote ndani yake. Ina kuzidisha kwa 3, ina kuchukua salio la 8, ina kulinganisha na 7. Ikiona salio ni 7, inageuza alama. Ungeweza kuijenga bila wewe mwenyewe kufahamu namba ipi itatimiza sharti. Ni kama fumbo la maneno: kulijaza ni kazi, lakini ukiletewa lililokwisha kujazwa unalihakiki haraka.

Ndiyo maana mimi huhuzunika nikisoma kwamba mbinu hii ni ya kutafuta jina kwenye orodha ndefu. Orodha isiyo na mpangilio lazima kwanza uiingize yote kwenye mashine, na kazi ya kuiingiza tu inamaliza faida yote. Inafaa pale ambapo sharti linaweza kuandikwa kama hesabu fupi.

Fundi_Saketi

Ngoja nilete langu, nadhani linahusiana. Nilijaribu karibu mfano huuhuu kwenye kiigizaji, yaani programu ya kawaida inayoiga kompyuta ya kwanta. Kubiti 3 za namba, kubiti 3 za pembeni za kuwekea salio, na moja ya kugeuzia alama. Nikaizidisha, nikalinganisha na 7, nikageuza alama, kisha nikarusha kwenye wastani. Nikaendesha mara 1000. Kila namba ilitokea karibu mara 125! Hakuna kilichopanda. Nilikagua ile hatua ya wastani mara tatu, iko sawa. Nikahitimisha kwamba Grover ni maneno ya vitabuni tu.

BintiHesabu

Fundi, baada ya kugeuza alama, zile kubiti tatu za pembeni ulizirudisha kwenye sifuri?

Fundi_Saketi

Hapana. Niliziacha na salio lake. Sizitumii tena, zinadhuru nini?

BintiHesabu

Hizo ndizo zilizokuharibia, na kisa chako kinamjibu Kasi_Kubwa kuliko maelezo yangu yote.

Vimo vinaweza kufutana au kuongezana pale tu ambapo njia mbili zinaishia kwenye hali ileile ya mashine nzima. Wewe umeacha pembeni nyayo za kila njia: namba 2 imebeba 6, namba 3 imebeba 1, kila moja na salio lake tofauti. Ukija kwenye hatua ya wastani, njia iliyoanzia 2 na njia iliyoanzia 3 hata zikifika namba moja zina masalio tofauti pembeni, kwa hiyo kwa mashine nzima ni hali mbili tofauti. Hazikutani. Hazifutani. Unabaki na bahati nasibu safi, 125 kwa kila namba, kama ulivyoona.

Tiba yake ni kuiendesha saketi ya kuzidisha kinyumenyume baada ya kugeuza alama, ili zile kubiti za pembeni zirudi sifuri zote. Alama inabaki, mahesabu ya kando yanafutika. Kila saketi ya kwanta ni lazima iweze kurudishwa nyuma, kwa hiyo hilo linawezekana daima, ila saketi inakuwa ndefu karibu maradufu.

Na ona ilivyo: kwenye jaribio lako hesabu zote nane zilifanyika, na masalio yote nane yalikuwa yamehifadhiwa vizuri ndani ya mashine. "Kujaribu yote" kulikamilika kuliko kwangu mimi ninayeyafuta. Na hukupata chochote.

Fundi_Saketi

Nimerudi. Nimeongeza sehemu ya kinyumenyume. Mara 1000, namba 5 imetokea mara 786. Nilipoteza siku nne kwa kitu hiki. Asante sana, dada.

Kwa wasio na kiigizaji, hesabu ya vimo peke yake inatosha kwa Python ya kawaida. Hii haina kwanta ndani yake, ni kufuatilia vimo vinane tu kama BintiHesabu alivyoeleza:

```python
n = 8
a = [n ** -0.5] * n
for mzunguko in range(1, 5):
    a[5] = -a[5]
    wastani = sum(a) / n
    a = [2 * wastani - x for x in a]
    print(mzunguko, round(a[5] ** 2, 3))
```

Inachapisha 0.781, 0.945, 0.33 na 0.012. Kupanda na kushuka kunaonekana wazi.

Msafirishaji

Nimefuata uzi wote ingawa mengine yamenipita. Kazi yangu ni kupanga safari za malori. Lori moja, vituo 20, nataka mpangilio wenye mwendo mfupi kuliko yote. Niliambiwa nisubiri kompyuta za kwanta zikomae, zitapitia mipangilio yote kwa mara moja. Nisubiri miaka mingapi?

BintiHesabu

Usisubiri, ndugu yangu. Vituo 20 vina mipangilio ipatayo bilioni bilioni 2.4. Kipeuo chake cha pili ni kama bilioni 1.5, kwa hiyo Grover akitumika kwa mipangilio mitupu atahitaji mizunguko zaidi ya bilioni moja, na ndani ya kila mzunguko saketi ijumlishe mwendo wa safari nzima, kisha irudi kinyumenyume kama tulivyomwambia Fundi.

Upande wa pili, kuna njia ya kawaida iliyochapishwa na Held na Karp mwaka 1962. Haipitii mipangilio yote. Inahifadhi mwendo mfupi zaidi wa kila kundi dogo la vituo na kujengea juu yake. Kwa vituo 20 ni hatua ndogondogo zipatazo milioni 400, kazi ambayo kompyuta ndogo ya mezani inaimaliza leo. Kuzidi hapo zipo programu za kawaida za kupanga njia zinazotumia umbo la tatizo lenyewe, na hazibahatishi. Anayekuambia usubiri anailinganisha kwanta na kompyuta inayojaribu moja moja kijinga, na kompyuta zako hazifanyi kazi hivyo.

Msafirishaji

Kwa hiyo hata ikikomaa haitanisaidia?

BintiHesabu

Kwa kupitia yote kwa mpigo, haitakusaidia kamwe, kwa kuwa haifanyi hivyo. Kama atatokea mtu mwenye mbinu ya kwanta inayotumia umbo la tatizo lako vizuri kuliko mbinu za kawaida, hilo ni suala jingine, na wapo wanaolitafuta. Wataalamu wengi hawaamini kwamba kwanta itayamaliza haraka matatizo yote ya aina hii, lakini hakuna aliyethibitisha upande wowote.

Mlinda_Funguo

Mimi niko upande wa usalama wa mifumo. Nakubaliana na yote, ila nina "lakini" moja. Mbinu ya Peter Shor ya 1994 inavunja RSA, mfumo wa kufunga siri unaotegemea ugumu wa kupata vigawanyo vya namba kubwa, ikipata mashine kubwa ya kutosha, na hapo kasi haiko kwenye kipeuo cha pili, ni kubwa mno. Je, hapo haijaribu vigawanyo vyote?

BintiHesabu

Haijaribu hata kigawanyo kimoja. Chukua 15. Badala ya kutafuta kinachoigawa, chukua 7 uizidishe yenyewe kwa yenyewe huku ukibakiza salio la 15: unapata 7, 4, 13, 1, kisha 7 tena, 4 tena. Mlolongo unajirudia kila baada ya nne. Nusu ya nne ni mbili, na nafasi ya pili ina 4. Punguza moja upate 3, ongeza moja upate 5. Hivyo ndivyo vigawanyo vya 15.

Kazi ya sehemu ya kwanta ni kupata ule urefu wa mlolongo, nne, na hakuna nyingine. Na inaupata kwa sababu kitu kinachojirudia kwa mpangilio kinafanya vimo vifutane karibu kila mahali isipokuwa pale panapolingana na urefu huo. Mpangilio ulikuwepo kwenye tatizo kabla ya mashine kuwashwa. Ukiliondoa umbo hilo, unarudi kwa Grover na kipeuo chake.

Mlinda_Funguo

Sawa kabisa. Niongeze la upande wangu, maana wateja huniuliza kila mara. AES ni mfumo mwingine wa kufunga siri, na ufunguo wake wa biti 128 hauna mlolongo wa kujirudia wa aina hiyo unaojulikana. Anayetaka kuutafuta kwa Grover anahitaji mizunguko karibu 2^64, mfululizo. Hata mashine ingefanya mizunguko bilioni moja kwa sekunde, ingechukua zaidi ya miaka 450. Na huwezi kuigawa kazi kwa wepesi: ukinunua mashine 100, muda unapungua mara 10 tu, kwa sababu kila mashine inapata sehemu yake ya kutafuta na kipeuo kinaihesabu sehemu hiyo upya. Kwa hiyo ninawaambia wabadilishe RSA, na wanaotaka utulivu zaidi watumie AES ya biti 256.

Njia_Nyingi

Naomba niingilie kwa heshima. David Deutsch, ambaye ni mmoja wa walioanzisha fani hii miaka ya 1980, anashikilia kwamba hesabu hizi zinafanyika katika malimwengu mengi sambamba. Mtu wa kiwango hicho akisema hivyo, nani atasema "kujaribu yote" ni kosa? Katika kila ulimwengu kuna mashine inayojaribu jibu moja.

BintiHesabu

Namheshimu sana, na sitasema tafsiri ya malimwengu mengi ni kosa. Ni mojawapo ya tafsiri zinazotoa namba zilezile tulizohesabu hapa. Lakini hata ndani yake, huyo wa ulimwengu wa 5 hawezi kuwapigia kelele wenzake saba kwamba amepata. Lazima vimo vizungushwe mara mbili, na vikizungushwa mara nne jibu linapotea. Mwenye kuamini malimwengu na asiyeyaamini wote watasimama kwenye mzunguko wa pili.

Njia_Nyingi

Kwa namba tunakubaliana. Kwa maana yake bado sijashawishika. Vimo bila kitu chenye vimo ni nini? Lakini naona huo ni uzi mwingine.

Kasi_Kubwa

Mimi kilichonigeuza ni kile kisa cha Fundi. Mashine ina majibu yote nane ndani na hailambi kitu. Mpenda_Maswali, mimi ningemwambia mdogo wako hivi: mashine inafanya majibu yasiyo sahihi yafutane, ili ukipima ubaki na lililo sahihi.

BintiHesabu

Nzuri, ila ongeza neno "pale tatizo linaporuhusu". Yasiyo sahihi hayafutani yenyewe. Mtu ameketi akabuni mpangilio wa hatua utakaoyafanya yafutane, na kwa matatizo mengi mpangilio huo hakuna anayeujua.

Mpenda_Maswali

Nimemweleza jana kwa namba nane, tukaandika vimo kwenye karatasi. Hadi mzunguko wa pili alikuwa ametulia. Wa tatu ulipoanguka akasema nimekosea hesabu, akaichukua kalamu akafanya mwenyewe. Ikaanguka tena. Ameniachia swali jingine: kama majibu sahihi ni mawili badala ya moja?

Zuhura_K

Hilo nimelijaribu kwa ile programu ya Fundi! Nimegeuza alama ya 5 na ya 2 pamoja, kisha nikajumlisha uwezekano wao. Mzunguko wa kwanza ni 1.0 kamili, wa pili ni 0.25. Yaani kusimama kwenye mzunguko wa pili, uliokuwa bora kwa jibu moja, hapa kunakurudisha kwenye kubahatisha. Sasa kama mtu hajui majibu ni mangapi, atajuaje pa kusimama?

BintiHesabu

Umegusa tatizo halisi, Zuhura. Njia iliyozoeleka ni kuchagua idadi ya mizunguko kwa bahati nasibu, kuanzia ndogo, kupima, na kulihakiki jibu kwa kompyuta ya kawaida. Lisipotimiza sharti, unaanza upya ukiwa umepanua kidogo wigo wa kuchagulia. Hadi jibu lipatikane, jumla ya mizunguko kwa wastani inabaki kwenye kiwango kilekile cha kipeuo cha pili. Jaribu kuiandika kwa programu hiyohiyo: chagua majibu matatu kati ya 64 bila kuyaangalia, uone itakuchukua mizunguko mingapi.

Zuhura_K

Naanza usiku huu. Nitaleta namba hapa.